Naomba ushauri: mashine ya kidole inazungusha dakika zetu kwenye robo saa

Wakuu habari zenu, nipo Mwanza kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, shifti inaanza saa 1:00 asubuhi mpaka saa 10:00 jioni. Mashine inarekodi dakika halisi ila mfumo wa mishahara unapeleka kwenye robo saa iliyo karibu, yaani dakika 7 zinakatwa, ya 8 inapandishwa.

Bosi anasema ni haki kwa sababu leo unapoteza kesho unapata, na kwenye karatasi kweli iko hivyo. Shida ni kwamba ukigonga 1:06 mfumo unasoma 1:00 lakini barua ya onyo la kuchelewa unapewa palepale, kwa hiyo hakuna anayethubutu, wote tunawahi. Mimi natoka Buhongwa na daladala, nagonga 12:53 naingia mezani kukata samaki hapohapo, inasomeka 1:00. Jioni tukimaliza kuosha meza na visu nagonga 10:07, inasomeka 10:00. Hizo ni dakika 14 kwa siku, kwa siku 26 ni masaa 6 na dakika 4 nimefanya kazi bure, inaniuma sana.

Nimeanza kuandika dakika halisi kwenye daftari nilinganishe na silipu mwisho wa mwezi. Je niombe ripoti ya mashine kwa HR peke yangu au tuandike barua wote kupitia chama cha wafanyakazi? Aliyewahi kupitia hili anisaidie, alianzia wapi?