Nimemwandikia mpiga picha barua hii, nisaidieni kuisoma kabla sijaituma

BintiShella
Asalaam aleikum nyote. Niko Malindi, natafuta kazi ya mapokezi hotelini. Mwezi uliopita niliitwa usaili Watamu. Dada wa mlangoni akaishika picha niliyotuma, akanitazama, akaitazama tena, kisha akaniuliza mwenye picha yuko wapi. Studio iliyonipiga ilinifanya mweupe, ikafuta kovu langu la juu ya nyusi na kukichonga kidevu. Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama pale kama niliyekuja na kitambulisho cha mtu mwingine.

Sasa nimepata mpiga picha mwingine, nataka kumtumia hii:

"Kaka, salaam. Nahitaji picha ya kichwa na mabega ya kuombea kazi. Nyuma pawe patupu, rangi moja, pasiwe na pazia la maua wala bahari. Ukiisafisha picha, chunusi iliyotoka wiki hii iondoe, mng'ao wa jasho upunguze. Kovu la juu ya nyusi liache, na baka la shavuni nililozaliwa nalo liache. Rangi ya ngozi yangu isibadilike, na pua, macho na kidevu visiguswe. Nipe na nakala ambayo haijaguswa, nilinganishe. Nitavaa buibui jeusi na mtandio mweupe."

Nimesahau nini? Naogopa pia asije akaona namfundisha kazi yake.

Kassim_Barani
Andika tu "ukuta mweupe kama wa pasipoti", umemaliza. Halafu pasipoti siku hizi inachukua muda gani kutoka?

BintiShella
Kaka Kassim, siyo pasipoti, ni ya kazi.

FundiPicha
Barua ni nzuri, na mpiga picha anayejua kazi yake ataifurahia. Wengi huja wakasema "nitengeneze nipendeze" tu, fundi akabaki kubahatisha.

Ila ukuta mweupe usiuombe. Kwanza mtandio wako mweupe utapotelea ukutani, kichwa kibaki hakina ukingo. Pili, kamera ikiachwa ijipimie, ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unatoka mweusi. Fundi akirudi kwenye kompyuta anaupandisha mwanga wa picha nzima, na ngozi inageuka rangi ya majivu. Huenda weupe wako wa mara ile ulianzia hapo, kabla hata ya kusafishwa. Omba kijivu cha kupauka, na mwanga upimwe usoni.

Usiegemee ukuta. Simama mbele yake kama mita moja na nusu, kivuli chako kisionekane nyuma. Na kama mtapigia barazani, uso uelekee uwazi ulipo, wala pembeni pasiwe na ukuta wa kijani karibu. Nimewahi kupiga bwana mmoja hivyo, kidevu chake kikatoka na ukijani nisiouona mpaka nilipofika nyumbani.

MamaRehema
Mwanangu alijipiga kwa simu akiwa amenyoosha mkono, pua ikatoka kubwa hata mimi mamake nikashangaa. Naye alitaka ipunguzwe kwenye kompyuta!

FundiPicha
Bi Rehema, hiyo ni simu kuwa karibu mno, mwambie asiipunguze pua. Mtu mwingine ampige akiwa mita mbili hivi, halafu avute kwa zumu.

BintiShella
Nitajuaje kama kweli hakunipaka weupe? Kwenye simu kila kitu kinang'aa.

FundiPicha
Tazama shingo na uso pamoja. Uso ukiwa mweupe kuliko shingo, na wewe huna poda, ameupaka. Kisha kuza shavu: vinyweleo vionekane. Shavu likiwa laini kama sahani, amepitisha brashi uso mzima. Na mwambie akutumie kwa WhatsApp kama Document. Ikija kama picha ya kawaida itabanwa, hutaona lolote kati ya hayo.

Kassim_Barani
Weusi wa chini ya macho je? Huo lazima uondolewe, unaonyesha mtu hajalala.

MamaRehema
Wengine tumezaliwa nao, Kassim.

FundiPicha
Mimi huupunguza nusu, siufuti. Lakini najua mafundi wazuri ambao hawaugusi kabisa, na sina hoja ya kuwashinda.

BintiShella
Wangu uko tangu shule ya msingi. Bado sijaamua, nitaziona nakala zote mbili kwanza. Nimebadilisha: "Nyuma pawe kijivu cha kupauka, nisimame mbali na ukuta, mwanga upimwe usoni, na uso wangu ulingane na shingo." Nimeituma baada ya adhuhuri. Amejibu sasa hivi: nije kesho saa mbili asubuhi kabla ya jua kali, nibebe na mtandio wa rangi nyingine, na nimwonyeshe kovu liko upande gani.