Neti ya kivuli kwenye tuta la miche: ya upana wa mita 3 au vipande vya mita 2?

Bustani_Moro: Wakuu, tuta la nyanya ni mita 1 kwa 10. Matao ni nusu duara, miguu imeachana mita 1.2, kila mita moja tao moja. Kingo nataka zifukiwe. Dukani kuna neti ya upana wa mita 2 na ya mita 3. Nichukue ipi, urefu gani?

Kapera: Chukua vipimo vya tuta, ongeza asilimia 10 kila upande kwa ajili ya kulegea. Inatosha.

MamaKitalu: Hapana Kapera, asilimia 10 ya mita moja ni sentimita 10, hata kufukia haifiki. Anza na tao: 1.2 × 3.14 ÷ 2 ni mita 1.88. Kufukia, weka sentimita 30 kila upande: 15 zishuke mtaroni, 15 zilale chini kuelekea nje, ndipo udongo uikamate. Jumla 2.48, sema mita 2.5.

Urefu: neti ikibonyea sentimita 10 kati ya matao, kila nafasi inakula karibu sentimita 3, kwa hiyo nafasi kumi ni 30. Ncha mbili, mita moja kila moja, ishuke na kufukiwa. Jumla 12.3, kata mita 12.5. Kapera yuko sawa kwamba kulegea kuhesabiwe, ila kunafuata umbali wa matao: ukiyaweka kila mita 2 kwa mkazo uleule, neti inabonyea mara nne. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika pale chini na kudondoka kwa matone makubwa yanayofukua miche.

Fundi_Neti: Ya mita 2 nayo inafaa ukiilaza kwa kukatiza tuta. Vipande 7 vya mita 2.5, vilaliane sentimita 20, ni mita 17.5 za roli. Eneo ni mita za mraba 35 badala ya 37.5 za ile ya mita 3, ila una maungio sita. Kila ungio lazima liwe juu ya tao, kwa hiyo sogeza matao yawe kila sentimita 90. Likiangukia katikati, upepo unalifumua. Ukiunga mikanda miwili kwa urefu, unanunua mita 25 bure.

Shaba88: Neti hii itazuia inzi weupe? Mimi wananisumbua kwenye pilipili.

MamaKitalu: Haizuii, matundu ni makubwa. Hiyo ni neti ya wadudu.

Bustani, chukua ya mita 3. Kwenye maungio neti inayokata asilimia 50 ya mwanga inakuwa mbili, mwanga unabaki kama robo, na miche ya hapo inarefuka shingo.

Fundi_Neti: Mistari ya sentimita 20 haiui miche. Mimi ningefukia upande mmoja tu, wa pili ukandamizwe kwa mifuko ya mchanga. Utafungua kila siku kumwagilia na kukagua kinyausi, na wiki ya mwisho unazoesha miche jua.

MamaKitalu: Kwenye upepo mkali mifuko haishiki. Fukia pande zote, fungulia ncha.

Bustani_Moro: Upepo upo, hasa mchana. Naanza kuulizia bei ya zote mbili.