Naomba msaada kusoma alama za kwenye lebo ya sweta (picha hiyo hapo)

Wakuu habari zenu, nina sweta la sufu na sitaki liharibike kama la kwanza, lile nililianika kwenye kamba likiwa limelowa mikono ikarefuka mpaka ikapita vidole. Nimepiga picha lebo, naomba mnisahihishe. Beseni lenye 30 naelewa maji yasizidi nyuzi 30, ila chini yake kuna mistari miwili, nilivyosikia mmoja ni mashine izunguke taratibu na miwili ni taratibu zaidi, ndo hivyo? Na kwa vile hakuna mkono ndani ya beseni, nikifua kwa mkono kuna shida? Pembetatu yenye alama ya X ni marufuku blichi, hiyo sina wasiwasi nayo. Pasi ina nukta moja, nadhani ni moto mdogo, mwisho nyuzi 110. Inayonisumbua ni ya mraba wenye mstari mmoja umelala katikati, nahisi maana yake nilitandaze juu ya taulo likauke limelala, nisilitundike, maana ukisimama wima ndo kutundika. Aliyewahi kufua sufu hivyo anithibitishie kabla sijalilowesha.