Zamu za kwenda mbele au za kurudi nyuma? Tunapiga kura Ijumaa

Pampu_Namba3:
Wakuu, habari za saa hizi. Kazini kwetu tunafanya zamu tatu, na meneja ametuletea ratiba mbili tuchague wenyewe. Ya kwanza inakwenda mbele: asubuhi, halafu mchana, halafu usiku, ndipo ofu. Ya pili inarudi nyuma: unaanza na usiku, unakuja mchana, unamalizia asubuhi, ndipo ofu. Wenzangu karibu wote wanaitaka ya pili kwa sababu ofu yake ni ndefu. Mimi nilikwisha kusikia kwamba ya kurudi nyuma inaharibu usingizi, lakini nilipoulizwa kwa nini, nikakosa la kusema. Kura ni Ijumaa. Ipi bora?

Mtambo_Mkuu:
Mdogo wangu, swali lako halijibiki lilivyo. Zamu zinaingia saa ngapi? Unafanya siku ngapi za aina moja kabla ya kubadilisha? Mko vikosi vingapi? Na kutoka getini mpaka nyumbani unatumia muda gani? Bila hayo kila mtu atakushauri kwa ratiba yake mwenyewe.

Zimamoto40:
Sisi tunafanya masaa 12, mchana mbili, usiku mbili, ofu nne. Hakuna mambo ya mbele wala nyuma. Mwambieni meneja awape masaa 12, mtashukuru.

Mtambo_Mkuu:
Ndugu Zimamoto, ukiwa na zamu mbili tu, mwelekeo haupo, kwa hiyo hilo ni swali jingine. Mwenzetu ana ratiba mbili mezani na zote ni za zamu tatu.

Pampu_Namba3:
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Zamu zinaingia saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Siku mbili mbili za kila aina, halafu ofu mbili. Tuko vikosi vinne. Kutoka getini hadi mlangoni kwangu ni dakika 50.

Mtambo_Mkuu:
Sasa tunaweza kuzungumza. Nimepanga ratiba za zamu kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalofanya ni kuhesabu mapengo, yaani muda kati ya kutoka zamu moja na kuingia nyingine. Mzunguko wenu ni siku 8, masaa 192. Kazi ni zamu 6 za masaa 8, jumla masaa 48. Yanabaki masaa 144 yenu wenyewe, na ni yale yale katika ratiba zote mbili. Hakuna anayewapa mapumziko zaidi. Tofauti ni jinsi yalivyogawanywa.

Ikienda mbele, ukitoka asubuhi ya pili saa 8 mchana, unaingia zamu ya mchana kesho yake saa 8. Hapo umepata masaa 24. Ukitoka mchana wa pili saa 4 usiku, unaingia usiku kesho yake saa 4, masaa 24 tena. Ofu ni masaa 48.

Ikirudi nyuma, unatoka usiku wa pili saa 12 asubuhi, na siku hiyo hiyo saa 8 mchana uko kazini. Masaa 8. Unatoka mchana wa pili saa 4 usiku, na saa 12 asubuhi uko kazini. Masaa 8 mengine. Ofu inakuwa masaa 80. Hayo 80 wanayoyapenda wenzako hayakutoka kwa meneja. Yamekatwa 16 kwenye kila badiliko, mara mbili, yakabandikwa mwishoni.

Sasa chukua dakika 50 zako. Umetoka saa 4 usiku, uko mlangoni saa 5 kasoro dakika 10. Ukioga na kula kitu, labda saa 6 umeshalala. Ili uwe getini saa 12 lazima utoke nyumbani saa 11 na dakika 10, kwa hiyo unaamka saa 10 na nusu. Ni masaa manne na nusu kama usingizi utakuja mara moja, na kwa wengi hauji, kwa sababu mwanzoni mwa usiku mwili bado uko macho. Halafu unaamshwa katika saa zile za alfajiri ambazo mwili uko chini kabisa.

ZamuNdefu_77:
Mkuu umeacha sababu yenyewe. Saa ya mwili wa binadamu ni ndefu kuliko siku, ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ukienda mbele unachelewesha, ukirudi nyuma unawahisha. Basi. Na dawa ni kukaa wiki nzima kwenye zamu moja ili mwili uzoee, siku mbili mbili ni utoto.

Mtambo_Mkuu:
Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Saa ya mwili kwa wastani inazidi masaa 24 kwa dakika chache, kama 10 hivi, na ndiyo maana hata msafiri wa ndege huona nafuu akielekea magharibi kuliko mashariki. Nusu ya pili siikubali. Kwa wiki moja ya usiku mwili unaanza kusogea lakini haufiki, maana kila ukitoka asubuhi unakutana na jua, na jua hilo linaurudisha. Unapokaribia kuzoea, wiki imekwisha. Kwa siku mbili mbili saa ya mwili haisogei sana, inabaki ya mtu wa mchana. Kwa hiyo kwenye ratiba ya Pampu mimi naweka lawama kubwa kwenye yale mapengo ya masaa 8, na urefu wa saa ya mwili unafuata nyuma.

ZamuNdefu_77:
Mbona ule utafiti wa kiwanda cha madini cha Yuta, Marekani, ulionyesha ni mwelekeo? Charles Czeisler na wenzake, jarida la Science, 1982.

Mtambo_Mkuu:
Naujua, na ni utafiti mzuri. Wafanyakazi walikuwa wakirudi nyuma kila wiki. Wakageuzwa waende mbele, na kundi moja likakaa siku 21 kwenye kila zamu badala ya 7. Waliridhika zaidi, na uzalishaji ukapanda. Lakini ile ilikuwa mizunguko ya wiki na wiki tatu. Huwezi kuichukua ilivyo ukaibandika kwenye siku mbili mbili.

Nesi_Wodi_B:
Naomba niseme yangu, kwa sababu pengo la masaa 8 nimeishi nalo miaka minne.

Ratiba yetu ilikuwa ya kurudi nyuma, na hata mimi niliipigia kura kwa ajili ya ofu. Jambo ambalo karatasi haionyeshi ni kwamba saa 4 usiku hutoki. Unakabidhi wagonjwa, mmoja anabadilika hali ukiwa mlangoni, unarudi kumsaidia mwenzako. Siku hiyo niliondoka saa 4 na nusu, nikafika nyumbani saa 5 na nusu. Nikajilaza. Macho yamefumba lakini kichwa bado kiko wodini, nahesabu dripu. Mara ya mwisho kutazama simu ilikuwa saa 7 na dakika 20. Saa 10 na nusu alamu ikalia.

Asubuhi mapema nilikuwa mzima kabisa, hata nilichangamka. Mambo yalibadilika kwenye saa 4 asubuhi. Nilikuwa nanakili vipimo vya presha kutoka karatasini kwenda kwenye faili, kazi ninayoifanya hata bila kufikiri. Nikasikia mwenzangu ananiita, "Dada, dada." Nilikuwa nimesimama wima na kalamu mkononi. Kwenye faili kulikuwa na mstari wa wino umeteremka kutoka kisanduku cha presha hadi chini ya ukurasa. Na vipimo nilivyokuwa nimeandika kabla ya mstari huo vilikuwa vya kitanda cha 6, kwenye faili la kitanda cha 7. Wa 7 alikuwa anapewa dawa ya kushusha presha. Mwenzangu asipoona, daktari angeongeza dozi kwa presha ambayo si yake.

Sikuhisi usingizi, hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Ningeulizwa dakika tano kabla ningesema niko sawa.

Pampu_Namba3:
Pole sana dada. Sisi tunasoma geji na kufungua vali, nimekuelewa vizuri.

Baba_Mapacha:
Pole dada Nesi. Ila niwatetee hao wenzake Pampu, maana mnazungumza kana kwamba watu ni wajinga. Nafanya ya kurudi nyuma mwaka wa sita. Masaa 80 ni siku tatu na zaidi ambazo watoto wananiona nikiwa baba, si mtu aliyelala na pazia limefungwa. Kwenye ya kwenda mbele unatoka usiku saa 12 asubuhi na ofu inaanza kuhesabiwa hapo hapo. Ofu ya kwanza unalala mpaka mchana, usiku wake hulali vizuri, ofu ya pili unawaza kuamka alfajiri. Hayo masaa 48 kwa kweli ni siku moja. Na mimi ni mtu wa kulala mapema na kuamka mapema, hiyo alfajiri hainisumbui.

Mtambo_Mkuu:
Baba Mapacha, hoja ya ofu ya kwanza ni ya haki na huwa siipingi. Kuamka mapema kwa asili kunasaidia kwenye zamu ya asubuhi, ndiyo. Lakini mtu wa namna hiyo ndiye anayeteseka zaidi usiku, na akirudi kulala saa 2 asubuhi usingizi unamkatika. Wewe unaingia mchana siku ile ile. Unalala masaa mangapi hapo?

Baba_Mapacha:
Manne. Matano nikibahatika. Miwani myeusi njiani inasaidia.

Zimamoto40:
Miwani ukiwa unaendesha na usingizi? Hapana jamani. Bora pazia zito nyumbani.

Nesi_Wodi_B:
Mimi nilikuwa napaki pembeni nalala dakika 20 kabla ya kuingia barabara kuu.

Pampu_Namba3:
Wakuu, nimekaa na karatasi. Je, tukibaki na ya kurudi nyuma lakini tukaigawa ofu? Usiku mbili, ofu moja, mchana mbili, asubuhi mbili, ofu moja. Nimeijaribu kwa vikosi vinne, kila siku zamu zote zina watu.

Mtambo_Mkuu:
Umefanya vizuri, inafunga. Pengo la usiku kwenda mchana linakuwa masaa 32, ofu ya mwisho masaa 56. Linabaki pengo moja la masaa 8, lile la mchana kwenda asubuhi. Ukiiweka ofu hapo badala yake, linalobaki ni la usiku kwenda mchana. Ukiziweka ofu zote mbili katikati, mapengo ya masaa 8 yanakwisha, lakini hakuna ofu inayozidi masaa 32. Sidhani kama Baba Mapacha atakupigia kura.

Baba_Mapacha:
Siipigii.

Nesi_Wodi_B:
Kama ni lazima libaki moja, ondoeni la mchana kwenda asubuhi. Ndilo lililoniangusha.

ZamuNdefu_77:
Sikubaliani. La usiku kwenda mchana ni baya zaidi, unalala jua likiwaka na simu zinaita.

Mtambo_Mkuu:
Hapo inategemea mtu na nyumba yake. Pampu, ungekuwa na muda ningekwambia kila mmoja kikosini aandike saa aliyolala na aliyoamka kwa mzunguko mzima wa siku 8, na katikati ya kila zamu ajipe alama ya usingizi kuanzia 1 mpaka 9. Mtaona wenyewe siku zinazozama.

Pampu_Namba3:
Siku 8 sina, kura ni keshokutwa. Nitaomba isogezwe. Nikikataliwa nitawaonyesha ile hesabu ya 144.

Nesi_Wodi_B:
Na uliza huko kwenu kukabidhi zamu kunachukua dakika ngapi hasa. Usihesabu saa 4 kama hutoki saa 4.

Pampu_Namba3:
Robo saa, na mwenzangu akichelewa ni zaidi. Sikuliweka hilo kwenye hesabu.

Zimamoto40:
Na hao wanaochelewa kupokea zamu nao wafunguliwe uzi wao.