Noti tano zinatosha kusema wimbo ni wa Kigogo?

Muulizaji, Area C: Nikisikia wimbo wa noti tano nasema ni wa Kigogo. Ukiwa na huzuni ya maina, ile skeli ya huzuni, nasema Ethiopia. Rafiki yangu anabisha. Nani yuko sahihi?

Mwalimu wa kwaya, Chamwino: Rafiki yako. Wasukuma wana noti tano, Mali wanazo, Ethiopia wanazo. Usihesabu noti, sikiliza ni zipi. Do re mi sol la utaikuta karibu kila bara. Toa la, weka ta, yaani ti iliyoshushwa: do re mi sol ta. Hapo ndipo uanze kuufikiria Ugogo. Ilimba, ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, hufuata sauti zinazojitokeza zenyewe juu ya sauti moja nzito, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Ta ni ile ya 7, na iko chini ya ta ya kinanda kwa senti 31 hivi, wakati nusu toni nzima, hatua ndogo kabisa ya kinanda, ni senti 100.

Mpiga kinanda, Nkuhungu: Mwalimu, mbona nikitulia kwenye sol nasikia maina kabisa? Basi Wagogo nao wana maina.

Mwalimu wa kwaya: Sikio lako limeshika kitu cha kweli, jina ndilo linalopotosha. Sol hadi ta kwa Wagogo ni senti 267. Hatua ya maina kwenye kinanda ni 300. Halafu tafuta nusu toni. Skeli ya Ethiopia iitwayo tizita, ile ya huzuni, inazo mbili. Katika do re mi sol ta hakuna hata moja.

Dada wa Mvumi: Mimi nilipima ilimba ya mjomba kwa simu, ikasema karibu kila noti imekosea. Nikamwambia airekebishe sauti, akakasirika.

Mwalimu wa kwaya: Alikuwa na haki, dada. Simu inafuata la ya mitetemo 440 kwa sekunde, ilimba haijui hiyo. Pima kwanza do ya ilimba yenyewe. Ikisoma senti 20 juu, ta ikae karibu na 11 chini. Ikiwa hivyo, usiguse vyuma vyake.

Mama wa ngoma ya muheme: Wanangu, sisi hatupimi. Wakiimba wawili, mmoja yuko mi na mwenzake ta, na wote wametulia bila kutafuta pa kukimbilia, najua ni kwetu. Kwaya za mjini sauti hizo huzikwepa.

Mpiga kinanda: Kweli mama, kwenye kinanda mi na ta zinagombana. Ila studio tunanyoosha kila sauti kwa kompyuta, zile senti 31 zinapotea. Kijana akirekodi Kigogo namna hiyo, utasema si wa Kigogo?

Mwalimu wa kwaya: Kwa skeli peke yake, siwezi kuuthibitisha.

Mama wa muheme: Mimi nitasema ni wetu, lakini ta mmeiharibu. Irudisheni.

Mpiga kinanda: Nikiirudisha, gitaa la besi litaonekana limekosea. Nani amfuate mwenzake?