Naomba ushauri: wastani wa uzito wa kuku unarukaruka, nipime wangapi?

Habari zenu wakuu. Nina kuku wa nyama 600, wana siku 28. Jana asubuhi nilipima 10, wastani ukawa gramu 1,390. Saa moja baadaye nikapima wengine 10, ukawa 1,480. Nilishtuka, maana hakuna kuku anayeongezeka gramu 90 kwa saa moja.

Nikakaa na daftari. Uzito wa kuku mmoja mmoja unatawanyika sana, mkengeuko sanifu ni kama gramu 180. Kosa sanifu la wastani, yaani kadiri wastani niliopima unavyoweza kupishana na wa kweli, ni hilo 180 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi niliyopima. Kwa kuku 10 napata gramu 57, kwa hiyo wastani mbili kupishana gramu 90 si ajabu. Kwenye kuku 10, majitu mawili tu yanavuta wastani juu. Kwenye 40, wadogo nao wanaingia wanayasawazisha, na kosa linashuka hadi gramu 28. Yaani kupunguza kosa nusu, lazima nipime mara nne zaidi, na kila kuku ni kukimbizana vumbini.

Kinachonisumbua zaidi: wote nawakamata karibu na mlango, na wazito ndio wazito kukimbia. Hata nikipima 100 kwa namna hiyo, wastani utatulia lakini utatulia juu ya ukweli.

Wenye uzoefu, mnazungushia wavu pembe tatu au nne za banda na kupima wote walionaswa? Na kwa banda langu, 40 wanatosha kupangia chakula na siku ya kuuza?