MREJESHO: Yule mkopeshaji aliyenifungia mzigo

Niliuliza: "Nilikopa milioni 2 nikachelewa, akafungia mzigo wangu stoo mpaka nikasaini deni jipya la milioni 5, je limenibana?"

Wakuu, wakili kanielewesha kuzuia mali ya mtu kinyume cha sheria ili asaini ni shuruti, kifungu cha 15 Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ila mkataba haufi wenyewe, unabatilika mimi nikiukataa, na nikiendelea kulipa kimya kimya itaonekana nimeukubali. Basi nikamwandikia barua ya kuukataa fasta, nikaambatanisha meseji zake za "saini ndo nifungue". Jana kakubali turudi mkataba wa kwanza. Ile milioni 2 na riba yake ya mwanzo nalipa, hiyo haifutiki.